Kidani Kilichofupika

Majirani walimwita Bi Macho, naye jina hakulichukia. Chumvi ikipungua koponi, alitaka kujua nani kaichota. Mlango ukilia, aliuliza nani katoka. Kwa hiyo kidani chake cha lulu, alichoachiwa na mamaye, kiliporudi kifupi, hakuhitaji shahidi.

Aliyekipeleka dukani kikatungwe upya ni mke wa mwanawe, tena kwa kujitolea. Zamani kilifika kwenye kidoti cheusi cha kifuani pake. Sasa kilipanda vidole viwili juu yake. Bi Macho hakuwahi kuzihesabu lulu zake. Kipimo chake kilikuwa hicho kidoti.

“Umeninyofolea lulu,” alimwambia mkwewe mezani, mbele ya mwanawe. Yule binti aliapa mpaka sauti ikamkauka. Tangu siku hiyo hakukanyaga chumba cha mama mkwe.

Bi Macho akakipeleka kwa fundi mwingine wa shanga, akifungue na kukitunga upya, naye apate ushahidi wa kumwonyesha mwanawe. Alivuta kiti karibu kabisa, fundi naye asije akachomoa lulu.

“Mama, unanizibia mwanga,” fundi alisema.

“Wewe tunga. Mimi natazama.”

Fundi alikivuta kidani, akaguna. “Wamekutungia kwa nailoni, tena bila mafundo. Lulu zinasagana hizi.”

“Nailoni si ndiyo imara?”

“Imara, ndiyo, wala haiozi kwa jasho. Lakini hii ni kakamavu, fundo lake halitulii. Hariri inachakaa, utanirudia baada ya miaka, ila ni laini, na fundo linakaa ninapoliweka. Uzi ukikatika, inadondoka lulu moja tu, hazitawanyiki zote.”

Alikata nailoni juu ya kitambaa. Akatia lulu kwenye hariri, akafanya fundo legevu, akachomeka sindano ndani yake, akalisukuma hadi likaigusa lulu, akachomoa sindano na kukaza. Kisha lulu nyingine, na fundo jingine. Bi Macho hakupepesa jicho, hata chai aliyoletewa ikapoa.

Kazi ilipokwisha alikivaa mbele ya kioo. Kilishuka taratibu, kikatua palepale kwenye kidoti.

“Umeongeza ngapi?” alifoka.

“Niongeze nini, nawe umenikalia hapa kama polisi? Ni mafundo hayo. Kila moja linachukua nafasi yake. Wale wa dukani waliyaacha, ndiyo maana kikafupika.”

Bi Macho alijishika kifua. Nafsi ilimsuta, na aibu ikamchoma njia nzima.

Nyumbani alimkuta mkwewe jikoni akiosha vyombo. Angemwambia nini? Akakivua kidani, akamnyooshea kwa mikono miwili. “Nifungie, mwanangu. Vidole vyangu havikioni kifungo.”

Binti alijifuta mikono taratibu, akaificha nyuma ya mgongo.

“Zihesabu kwanza, Mama,” alisema. “Mbele yangu.”