Arbuni ya Gari la Marehemu

Mke wangu alipoanza kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, niliazimia kununua gari. Teksi zilikuwa zinatumaliza, na yeye baada ya kusafishwa hawezi kusimama njiani.

Dalali mmoja wa Mtoni alinionesha gari dogo jeupe, safi. Nililipenda. Nikamwomba kadi ya gari, akanipa nakala ya kivuli tu, pamoja na mkataba ambao mwenye gari alikuwa amekwisha kuutia saini.

"Kadi yenyewe?"

"Ipo kwa mwenyewe, maalim. Wewe weka arbuni tu nikushikie, kuna mtu wa Bububu analitaka leo hii."

"Na nikighairi?"

"Arbuni hairudi. Ndiyo biashara."

Nilimwambia kuwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii hatuihalalishi arbuni ya namna hiyo. Akacheka. "Maalim, hapa tunauza magari, hatuchezi darsa!"

Nilivaa miwani nikasoma jina la mwenye gari. Nikalisoma tena. Saini ilikuwa ya wiki mbili nyuma, na mwenye jina lile nilimuosha kwa mikono yangu kabla ya Ramadhani, miezi kadhaa nyuma, nikamvisha sanda.

"Huyu amefariki," nikasema.

"Basi ndugu yake ndiye kaniletea. Hao ni kitu kimoja."

"Si kimoja. Ana mjane na watoto."

Nilikwenda moja kwa moja Michenzani, nyumbani kwa marehemu, ngazi kwa ngazi hadi ghorofa ya nne. Mjane alinikaribisha, nikamuuliza gari liko wapi.

"Liko gereji, maalim. Shemeji kalipeleka tangu eda yangu. Kwani kuna nini?"

Nikamweleza. Akaingia ndani, akarudi na kadi yenyewe ndani ya mfuko wa nailoni. Hakulia. "Wanangu hawana kingine alichowaachia baba yao," akasema.

Kesho yake tulikwenda kwa sheha wa mtaa, kisha afisi ya mirathi. Shemeji aliitwa, akasema alitaka kusaidia tu. Gari likarudishwa. Lakini mirathi haigawiwi kwa siku moja, nami nilikuwa nishajua hivyo nilipopanda zile ngazi. Mke wangu akaendelea na teksi. Siku moja akiwa amechoka sana aliniambia, "Ungemlipa tu yule dalali, mume wangu." Nikamshika mkono mpaka tulipofika.

Miezi minne baadaye warithi walikubaliana kuuza, na mjane akanipigia mimi kwanza. Nililipia afisini, mbele ya wote, wakatia saini mmoja mmoja, na kadi ikabadilishwa jina.

Alhamisi ile nilimfungulia mke wangu mlango wa mbele. Alikaa, akafunga mkanda, akanigeukia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Haya, twende, tutachelewa mashine."