Majina Yaliyofutwa Daftarini

Mwaka ule uji ulipoanza shuleni kwetu, karibu na Kwihara, nilikuwa darasa la pili pamoja na dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka miwili; tulikaa benchi moja. Mkaguzi, Mzungu mmoja mrefu, alikuja na magunia ya unga wa mtama akatuambia shida yake waziwazi: anataka kujua kama uji utawaleta watoto maskini shuleni. Ukiwaleta, ataomba shule nyingine za njia ile ya zamani ya misafara nazo zipewe. Usipowaleta, basi.

Serikali ilitoa unga. Wazazi walitakiwa watoe kibaba cha karanga kwa kila mtoto, kila mwezi, zitwangwe zitiwe kwenye uji. Hapo ndipo penye kosa, nalo halikuonekana. Ilikuwa Januari. Karanga za watu zilikuwa zimekwisha kufukiwa ardhini kwa mbegu, na mvua ilikuwa inanyesha juu yake. Wenye akiba walitoa. Mama yetu, mjane, alikuwa na karanga za kumtosha mtoto mmoja tu.

Alitutazama jikoni, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua kuku wa kuuza.

"Mdogo aende," alisema. "Wewe utanisaidia kupalilia."

Dada akanijia sikioni. "Kunywa na wa kwangu, mayu," akasema, akiniita mama kwa mzaha wa Kinyamwezi. "Ila usinenepe ukanishinda mbio."

Kwa hiyo nilikunywa uji, saa nne, wakati mpishi alipogonga pipa kwa mwiko. Alikuwa mama mmoja mnene mwenye maneno. "Njooni, wanafunzi wa tumbo!" alikuwa akiita. "Kusoma baadaye!" Uji ulikuwa mtamu, sitasema uongo. Lakini sikutulia. Niliukoroga, nikatazama mlangoni, nikaukoroga tena.

Wasio na karanga walirudishwa. Baada ya wiki mbili za kutofika, Mwalimu aliwafuta daftarini, maana ndivyo sheria ilivyosema. Hakuwa mtu mbaya. Lakini tazama: wanaokosa wakishafutwa, wanaobaki wote wapo. Asubuhi Mwalimu akiita, "Nipo!" zilifuatana kama mvua juu ya bati. Hakuna jina lililonyamaziwa.

Mkaguzi aliporudi alifurahi. Alipitisha kidole kwenye kurasa, akasema uji umefanya kazi, na magunia ya kufikia mavuno yataletwa kwa hesabu ya waliomo daftarini. Akamwomba Mwalimu aite majina, asikie mwenyewe.

Mimi kusoma kulikuwa bado kunanishinda, ila majina nilikuwa nayo yote kichwani, kwa mpangilio wake, toka la kwanza. Hata leo ninayo, siyataji tu. Mwalimu akaita la mtoto aliyemtangulia dada, kisha, la dada likiwa limefutwa, akaita langu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Badala ya "nipo", nikataja jina la dada. Nikaendelea. Nikataja la yule wa ng'ambo ya kijito, ya pacha wawili, la binti wa mfinyanzi, hadi nikamaliza waliofutwa wote.

"Nyamaza, wewe!" Mwalimu alisema.

"Mwache," mkaguzi akasema. "Hao ni akina nani?"

"Wasio na karanga, Bwana," nikasema.

Alikaa kitako kwenye benchi letu, mahali pa dada. Kisha akaamuru karanga zisidaiwe tena na watoto waitwe. Magunia, alisema, ni yale yale ya hesabu ya kwanza; mengine hana.

Walirudi. Dada alikuja akikimbia, matope hadi magotini. Mpishi alimpakulia hadi juu: "Kula, wewe, nilidhani umeolewa!" Darasa lilijaa hadi watu wakakaa sakafuni.

Lakini unga ule ule, midomo mingi. Mpishi aliongeza maji, akaongeza tena, mpaka mtu akaona chini ya bakuli. Kisha, mahindi yakiwa bado machanga shambani, magunia yakaisha. Wiki ile ya kwanza bila uji wakakosa wachache. Ya pili, nusu ya benchi. Ya tatu mama alituambia sote wawili tubaki shambani kufukuza ndege, na hatukurudi tena. Mkaguzi aliandika nini sikujua. Shule nyingine hazikupata uji miaka ile.

Uzeeni nilimuuliza dada, tukiwa tunachambua mboga: ningenyamaza, si unga ungenifikisha mavuno, pengine ningesoma?

"Ungesoma," alisema.

"Basi nilikosea?"

Alitupa jani bovu. "Wiki zile chache ndizo nilizojifunzia herufi. Unaniuliza mimi? Kawaulize waliobaki wakinywa sisi tulipofutwa."

Nimewahesabu kichwani, jina kwa jina. Wengi wao ningewauliza, lakini sijui ningetaka wanijibu nini.