Kujifunza Kuchemsha Maziwa Uzeeni

Mke wangu alipofariki, watoto walikaa nami wiki mbili hapa Nachingwea, kisha wakarudi makazini kwao. Nikabaki na nyumba ya vyumba vitatu, nyuma ya misheni. Kitu cha kwanza kunishinda kilikuwa maziwa.

Aliyeniletea kila asubuhi alikuwa mama mmoja wa wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Nilikuwa nikibandika sufuria kwenye jiko la mkaa, halafu natoka kukaa barazani. Khanga ya marehemu ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari jikoni, na sikuweza kukaa nayo. Nikirudi, nakuta maziwa yamemwagika yamezima mkaa, au yameshika chini na kunuka. Nilikunywa hivyohivyo.

Siku moja yule mama alisimama mlangoni akanusa.

"Shikamoo mzee. Maziwa yangu unayaunguza?"

"Marahaba. Nayaacha yametulia, nikigeuza mgongo yanafurika."

Aliomba ruhusa, akaingia. Alichagua sufuria nzito na pana, akaisuuza kwa maji, akayamwaga bila kuifuta. Akamimina maziwa, yakafika nusu tu. Akapunguza mkaa.

"Chini yakipata moto mkali yanaganda na kuungua," alisema, akikoroga taratibu kwa mwiko uliokwaruza chini kote. "Usiyaache yatulie."

"Na kufurika?"

Aliacha kukoroga kidogo ili nione. Utando mwembamba ukatanda juu.

"Mvuke unapanda, unakuta huu umefunika. Mapovu yanarundikana chini yake, hayapasuki haraka kama ya maji. Wewe unaona kimya. Ghafla yanaunyanyua wote."

Kweli, pembeni utando ulianza kuvimba. Akaupasua kwa mwiko, akaipua sufuria, povu likashuka.

Nilimuuliza nani alimfundisha.

"Mama yangu. Sijamwona tangu tuhamie huku. Simu yake haishiki mtandao. Huku watu wakiongea Kimwera sokoni, nasimama tu."

Nilimmiminia kikombe, tukanywa tumesimama.

Tangu siku ile sikuwa na ujanja: maziwa yalinitaka jikoni mpaka yachemke. Asubuhi za kwanza nilikoroga nikiangalia ukutani, mbali na msumari. Baadaye nikaanza kuzungumza na mke wangu, mambo madogo, kwamba paa linavuja, kwamba mtoto wa mwisho hajapiga simu. Wiki moja nililia, mkono ukiendelea kukoroga, na maziwa hayakuungua.

Kiangazi malisho yalipoisha, wafugaji walihamia upande wa Mbwemkuru. Yule mama alipita kuniaga.

"Nani atakuletea sasa, mzee?"

"Nitatafuta," nilimwambia.

Nilichelewa kutafuta. Mwezi mzima nilikunywa chai ya rangi, na jikoni sikuwa na cha kunikalisha.