Una Ndoo Ngapi?

Nilipopata kazi ya kuuza dawa katika duka moja la Mikumi, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sijawahi kupanga chumba popote. Nilizaliwa Kilosa, nikalelewa Kilosa, na hata nilipokwenda chuo nililala bwenini. Kwangu mimi chumba kilikuwa kitu ambacho mtu anakikuta tu, kama anavyoikuta pua yake.

Dada yake mama, mama yangu mkubwa, alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yake pale Kilosa. Siku moja kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga. Alikuwa uani anachambua mchele.

"Utamuuliza nini huyo mwenye nyumba?" akaniuliza.

"Kodi ni kiasi gani."

"Halafu?"

"Nitahamia lini."

Alicheka hadi akauweka ungo chini. "Mwanangu, wewe ndiye mpangaji niliyekuwa namwomba Mungu miaka yote hii!"

Kisha akakaa vizuri na kuniambia mambo ambayo wenye nyumba huwa hawayasemi. Yeye, alisema, hajawahi kumdanganya mpangaji hata mara moja. "Mtu akiniuliza, 'Mama, maji yapo?' namwambia yapo. Na kweli yapo. Hata mto Mkondoa una maji. Wewe usiulize kama yapo. Uliza bombani yalitoka lini mara ya mwisho. Usiulize kama umeme upo, uliza mita ya luku ni ya kwako au mnachangia, na mnaochangia ni akina nani na wana vitu gani ndani. Choo ni cha watu wangapi. Geti linafungwa saa ngapi na funguo anazo nani. Paa likivuja nani anaziba. Ukitaka kuhama, unatoa taarifa ya muda gani."

Nilikuwa naandika kwenye simu, vidole havikimbii kiasi cha kutosha.

"Na ukimaliza kumuuliza mwenye nyumba, usitoe hela. Waulize majirani. Uliza aliyekuwa kwenye chumba hicho kabla yako alihama kwa nini."

"Na wasiponiambia?"

"Basi watazame nyuso. Na tazama vitu vyao."

Mikumi niliijua kwa kupita tu. Ni mji unaokaa kandokando ya barabara kuu, malori yanasimama, watu wanakula, wanaondoka. Dalali nilimpata kupitia kwa mwenzangu wa dukani. Alikuja na pikipiki na rundo la funguo kiunoni. Baadaye niligundua kwamba hakuna hata mmoja uliofungua kitu chochote siku ile, lakini zilimpa heshima.

"Bosi, hiki chumba kina watu watatu wanakisubiri," aliniambia kabla sijakiona. "Mmoja anatoka Dumila sasa hivi, yuko njiani."

Niliingiwa na wasiwasi juu ya huyo mtu wa Dumila. Nilimwona kabisa kwenye basi, ameshika hela mkononi, anakikaribia chumba changu. Nikamwambia dalali tuongeze mwendo.

Nyumba ilikuwa bondeni kidogo, mtaa wa tatu kutoka barabarani, ina vyumba sita vinavyotazama ua mmoja. Mwenye nyumba alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mzee mnene mwenye sauti nzito na shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alikuwa akiishi chumba cha mbele, humo humo na wapangaji wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba kijana wangu. Karibu, karibu, jisikie uko nyumbani."

Chumba kilikuwa kizuri. Sakafu ya saruji, dirisha lenye nyavu, na ukuta uliopakwa rangi mbili: juu nyeupe, chini bluu inayong'aa, mpya kabisa, hadi usawa wa goti. Nikaona huyu mzee anapenda urembo. Akilini mwangu nilikwisha kukiweka kitanda, na pazia, na hata picha ya kutundika, kabla sijauliza lolote.

Nikakumbuka simu. Nikaitoa, nikaanza kusoma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Baba, maji yapo?"

Swali la kwanza tu, na tayari nimekosea kama nilivyokatazwa.

"Yapo," akasema mzee.

"Umeme je?"

"Upo."

"Na usalama?"

"Upo sana."

Dalali alikuwa akitingisha kichwa kila jibu, kama shahidi. Mzee akaeleza kwamba kodi inalipwa miezi sita kwa mkupuo, na mkataba si lazima, "sisi hapa ni watu wa kuaminiana." Dalali akaangalia simu yake na kunong'ona kwamba mtu wa Dumila amefika kituoni. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni.

Kilichoniokoa si akili. Ni aibu. Nilijua mama mkubwa atanipigia jioni na kuniuliza majirani walisemaje, na sikuwa na uwezo wa kumdanganya mtu mwenye uzoefu kama wake. Nikasema, "Baba, naomba niwasalimie majirani kwanza."

Mzee hakukataa. Alivuta kiti, akakaa katikati ya ua, mahali ambapo kila neno lingemfikia.

Chumba cha jirani alikaa mama mmoja muuza chapati. Alikuwa mlangoni anakanda unga. Nilimwamkia, akaitika, akanitazama, akamtazama mzee, akarudi kwenye unga wake.

"Mama, nataka kuhamia hapa pembeni. Nimekuja kukuuliza, pakoje?"

"Hapa tunaishi vizuri sana," akasema kwa sauti ya kusikika uani pote. "Baba yetu ni mtu mwema." Kisha, bila kubadilisha sauti, "Una ndoo ngapi?"

"Ndoo?"

"Ndoo za maji, mwanangu."

"Moja."

"Nunua nne. Zenye mifuniko. Hazikai bure."

Nikaelewa. "Bombani yalitoka lini mara ya mwisho?"

"Alhamisi." Ilikuwa Jumatano. "Lakini yakitoka, yanatoka matamu!"

Kutoka kwenye kiti, mzee akakohoa.

"Na luku, mama, tunachangia?"

"Tunachangia kwa upendo. Wewe una pasi na taa, sivyo? Yule wa chumba cha mwisho anauza barafu, ana friji mbili. Mchango ni sawasawa kwa kila mtu. Hapa hatubaguani."

Sasa nilikuwa nimeanza kuifurahia lugha yake. Nikamuuliza kama ni kweli tembo hufika mitaani, kwa sababu Kilosa walinitisha sana.

"Wanapita tu," akasema. "Hawajawahi kupanga."

"Na aliyekuwa chumba hiki, alihama kwa nini?"

Mikono yake ikasimama ndani ya unga. Alisogea tu kidogo mlangoni, kama mtu anayepisha upepo, nami nikaona ndani. Kitanda chake kilikuwa kimepandishwa juu ya matofali, matatu kila mguu. Kabati vivyo hivyo. Gunia la unga lilikuwa juu ya meza.

Mimi ni mtu wa Kilosa. Kuna mambo mengi ambayo sikuyajua siku ile, lakini kitanda juu ya matofali nakijua. Kwetu mto ukifura, watu hupandisha vitanda bila kuulizana kwa nini. Niligeuka nikatazama tena chumba changu kipya, ile rangi ya bluu hadi usawa wa goti, na urembo wote ukaniishia.

Nikarudi kwa mzee. Kumuuliza mtu mzima swali la kumuumbua ni kazi ngumu kuliko kuuza dawa.

"Baba, samahani. Masika maji yanafika wapi?"

"Nani kakwambia habari za maji?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeliona kabati."

Mama wa chapati alikuwa anakanda kwa bidii ya ajabu. Halafu yule mzee akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha mabegani.

"Kijana, kwenu wapi?"

"Kilosa, baba."

"Ungesema mapema! Ningekuwa nimeokoa rangi."

Akanieleza ukweli wote, na alipoanza hakukomea njiani. Mvua kubwa ikinyesha maji hushuka kutoka barabarani, mfereji wa nyuma umejaa mchanga, na vyumba viwili vya chini huingia maji mara mbili tatu kwa masika; rangi ya bluu ilikuwa ya kuficha alama yake. Aliyehama alihama na godoro lililolowa. Nilimuuliza kwa nini mfereji hauzibuliwi. Akasema amekuwa akisubiri wapangaji wajitolee. Mama wa chapati akasema, akiutazama unga, kwamba wapangaji nao wamekuwa wakimsubiri yeye.

Nilikuwa naaga niondoke ndipo mzee akanishika mkono. Kulikuwa na chumba kingine, upande wa juu wa ua, kidogo, alichokifanya stoo ya mahindi. Dirisha lake lilikuwa dogo na lilitazama ukuta, na kilinuka magunia. Lakini kilikuwa juu kwa ngazi tatu kutoka uani, na hakuna rangi mpya popote.

Safari hii sikusoma kwenye simu. Tulikaa pale uani karibu saa nzima, mimi nauliza, yeye anajibu, na mama wa chapati akiongeza pale jibu linapopungua chumvi. Tukakubaliana kodi ya miezi mitatu badala ya sita. Muuza barafu aliitwa, akanung'unika, kisha akakubali kuchangia luku zaidi kwa sababu ya friji zake. Mkataba tuliuandika kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye pia alinithibitishia kwamba nyumba ni ya mzee kweli wala si ya nduguye. Dalali alilipwa haki yake. Nilimuuliza kuhusu mtu wa Dumila, akasema amepata kwingine. Nilimtakia heri.

Jioni mama mkubwa alipiga. Nilimsimulia kila kitu, naye alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipofika kwenye rangi ya bluu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeandika pembeni, "Hadi usawa wa goti, umesema? Ya mafuta au ya maji?"

Masika yalikuja mwezi wa tatu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mvua imenyesha tangu alfajiri, nikasikia mlango unagongwa. Mama wa chapati alikuwa nje na godoro kichwani. Nyuma yake binti zake wawili, mmoja na jiko, mwingine na kuku. Sikuuliza swali lolote. Tulipanga vitu hadi darini, tukakaa watano tukimhesabu kuku, tukinywa chai katika chumba kinachonuka mahindi, huku maji ya kahawia yakizunguka uani kama yanatafuta chumba cha kupanga.

Mvua ilipokatika tulimwona mzee anatoka chumbani kwake. Amevaa buti, shati lile lile la pasi, na jembe begani. Alipita bila kututazama, akaenda nyuma ya nyumba, penye mfereji, na tukasikia mchanga unaanza kuchotwa. Mama wa chapati alinitazama. Muuza barafu akatoka na koleo. Nikakunja suruali, nikashuka zile ngazi tatu, nikaingia majini kuwafuata.