Mstari Ulioachwa kwenye Ubao wa Evelina

Riya alikuwa amechoka kufanywa kamusi ya ukoo. Duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, katikati ya mji wa Mwanza, lilimtosha kabisa kwa kazi: misumari ya kupima, mabati ya kushusha, mafundi wanaotaka kuhudumiwa kabla hawajafika. Lakini tangu ndugu wa India wajue kutuma picha kwa simu, hakuna aliyekanyaga Tanzania bila kumgeuza yeye macho yake. Pakiti ya dawa ya mbu, Riya. Kibao cha gesti, Riya. Binamu mmoja alimtumia picha ya kanga akitaka kujua maandishi yanasemaje, na kumbe ameshamzawadia mama mkwe wake. Riya aliyasoma, akazima simu nusu siku.

Safari hii mgeni alikuwa Kokila, dada mkubwa wa baba yake, ambaye Riya humwita Foi, kama Wagujarati wanavyomwita shangazi. Foi alizaliwa Sengerema enzi babu ana duka huko, akapelekwa India akiwa na miaka saba. Sasa ana sabini na miwili, na Kiswahili chake kimebaki maneno mawili, “maji” na “njoo”. Alitaka kuliona lile duka kabla hajafa. Katika miaka yote hiyo nyama haikupita kinywani mwake, wala samaki, wala yai. Hakujisifu kwa hilo, ila kila mtu nyumbani alijua kwamba hapo ndipo alipoegemeza imani yake yote.

Riya alimwandalia kila kitu, hata chapati za njiani. Chapati zikabaki kwenye gari, na gari likabaki upande wa mjini. Abiria wa kivuko cha kuvuka ziwa kwenda Sengerema hupanda kwa miguu, magari hupangwa peke yake. Foi alishapanda, malori yakajaza nafasi, na dereva Masele akabaki kwenye foleni akimpungia mkono.

“Atanisubiri ng’ambo, Kamanga, dada,” Masele alisema kwenye simu. “Nakuja na kivuko kinachofuata.”

“Mama wa miaka sabini na miwili, Masele! Peke yake!”

“Sasa dada, ningeogelea?”

Nusu saa baadaye simu ikalia. Foi ameshuka, ana njaa, mafua yamembana tangu uwanja wa ndege, na mbele yake kuna kibanda cha mama lishe. Akatuma picha ya ubao. Ile programu ya kutafsiri aliyowekewa na mjukuu ilikuwa imemwambia kwamba hapo panauzwa “W” na “U”.

Riya alikuza picha huku fundi mmoja akigonga kaunta kwa sarafu. Mwandiko wa chaki ulikuwa umelala upande kama umechoka nao:

W/MAHAR.
W/SATO
U/DAGAA
U/NSANSA
MATOBOLWA + CHAI
SUPU BURE
ODA PIGA, na namba ya simu.

Basi akajibu kwa Kigujarati, kwa kurekodi sauti, maana kuandika kungemmaliza. W ni wali, U ni ugali, yaani unga uliosongwa mpaka ukashikana, unamega na kuchovya. Mahar. ni maharage. Sato ni samaki, dagaa ni samaki wadogo, usisogee. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, Wasukuma huyapika na karanga, utayapenda. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikakauka. Agiza wali maharage na nsansa pembeni.

Mstari wa supu aliuona. Akauruka. Supu ya bure si chakula cha kuagiza, ni kile kikombe unachosogezewa tu ukikaa, na fundi alikuwa sasa anagonga kwa funguo. Badala yake akamwandikia Foi ujumbe wa Kiswahili wa kumwonyesha mpishi: “Sili nyama, sili samaki, sili mayai. Asante.” Alijiona amemaliza kazi, tena vizuri.

Dakika ishirini hazikupita, picha nyingine. Kikombe cha bati chenye kitu cha njano, chepesi, na kipande cha ndimu kikielea.

“Umenificha!” Foi alisema kwenye sauti, akicheka, pua imeziba. “Kumbe wana dali, mchuzi wetu wa dengu! Nyepesi kama ya mama yangu, ina tangawizi. Imenifungua kifua. Ni dali gani hii?”

Riya akakumbuka mstari alioruka. Akapiga, Foi hakupokea. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Akamwacha fundi na misumari yake kwenye mizani, akarudi kwenye picha ya kwanza, akapiga ile namba ya ubaoni.

“Evelina hapa, unaagiza nini?”

“Dada, kuna mama wa Kihindi hapo, ana sari ya bluu. Ile supu ni ya nini?”

“Ya sato, ya nini tena? Ziwa hili hapa.”

“Lakini alikuonyesha ujumbe! Hali samaki!”

“Na mimi nimesoma, sijui kusoma?” Evelina alipandisha sauti. “Samaki sijampa hata kipande. Nimemchujia kabisa, hata mwiba hamna. Hiyo ni supu, dada, siyo samaki! Bibi wa watu ana mafua, nimwache anywe maji ya baridi? Mbona mna mambo nyie!”

“Amekunywa?”

“Kikombe cha pili anamalizia. Na bure vilevile.”

Riya alitaka kumfokea, akaitazama tena picha ya ubao. Mwanamke alikuwa ameiandika supu yake ubaoni kwa herufi kubwa, mchana kweupe.

Angeweza kunyamaza. Foi angerudi kwake Rajkot, India, akisimulia dali ya Kamanga, na hakuna mtu duniani ambaye angemsahihisha. Wazo hilo lilimkalia vizuri kwa muda kama wa dakika moja, kisha likamchukiza. Akamwomba Evelina ampe bibi simu.

“Foi, weka kikombe chini.”

“Kimeisha, binti. Kwa nini?”

“Siyo dali. Ni maji ya samaki.”

Upande wa pili zikasikika sufuria, na honi ya lori. Fundi naye, ambaye hakuelewa neno lolote la Kigujarati, aliacha kugonga.

“Huyu mama alijua kwamba ni kosa kwangu?” Foi aliuliza mwishowe. Sauti ya kucheka ilikuwa imeondoka yote.

“Hapana. Kwao mchuzi siyo samaki. Alikuhurumia mafua.”

“Basi usimgombeze. Ubaoni ilikuwepo?”

Riya alifumba macho. “Ilikuwepo.”

“Ukaisoma.”

“Niliisoma, Foi. Nikaona si muhimu.”

“Mimi sikumuuliza mtu mwingine yeyote,” Foi alisema taratibu. “Nilikuuliza wewe.”

Riya akalia pale pale kaunta, mbele ya wateja, kwa hasira ya kujikasirikia. Alitamani shangazi yake apige kelele. Foi alipenga kamasi, kisha akasema kama mtu anayepanga ratiba ya kesho.

“Nitafunga siku tatu kujitakasa, maji tu.”

“Foi, una miaka sabini na miwili! Una mafua!”

“Ndiyo maana utafunga na mimi. Kwangu siku moja na nusu, kwako moja na nusu. Anza sasa hivi. Na mwambie huyu mama asante, kwa Kiswahili kizuri, usiruke neno.”