Koma ya Juu Iliyompotea Regina

Regina Mkude alikuwa mpiga chapa wa kiwanda kimoja cha umma, Morogoro mjini, na vidole vyake vilikuwa na sifa hadi kwa meneja. Kiwanda kilipobinafsishwa, mwekezaji alisifu vidole hivyo pia, kisha akawapunguza wenye navyo. Regina hakulia sana. Alichukua kiinua mgongo chake, akanunua kompyuta, printa na skana, akakodi chumba Kihonda, ukuta mmoja na karakana ya baiskeli ya mumewe, Alois. Mlangoni akaandika: KUCHAPA, KUTOA KOPI, MASHINE INASOMA YENYEWE.

Maneno hayo ya mwisho yaliwatatiza wengi. Mama mmoja alikuja na barua ya mwanawe, akaiweka juu ya skana na kukaa kitako akingoja isomwe kwa sauti.

"Haisomi hivyo, mama," Regina alimweleza. "Inapiga picha ya karatasi, halafu programu inaikatakata ile picha, inatambua hii ni a, hii ni b, mpaka inapata maandishi."

"Basi mimi na hiyo mashine tuko darasa moja," mama akasema, akachukua barua yake.

Mteja aliyekuja kuijaribu kweli alikuwa Bwana Pazi, mganga wa mifugo mstaafu. Miaka ya sabini aliandika kitabu cha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, kikachapwa kwa herufi za madini ya risasi, zile za kupangwa kwa mkono, kikaisha chote. Sasa wafugaji wa Mlali na Gairo walikuwa wanakiulizia, naye alikuwa amebakiwa na nakala moja, ya njano, yenye madoa ya nzi na ya kitu ambacho mwenyewe alisema ni chai.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba, mwanangu. Utakichapa upya?"

"Kuchapa ni mambo ya zamani," Regina akajibu kwa madaha. "Mashine itakisoma."

Kwa kweli, vidole vyake vingekimaliza kile kitabu upesi. Lakini alikwisha kuyaandika yale maneno mlangoni, na Alois alikuwa anasikiliza upande wa pili wa ukuta.

Akaskani kurasa zote. Kwa kuwa karatasi ilikuwa chafu, aliiagiza programu iondoe madoa kwanza. Maandishi yakatoka safi, akayachapa kwenye karatasi nyeupe na kumwita mzee.

Bwana Pazi alivaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza, akarudi juu, akausoma tena.

"Regina, ng'ombe wangu wamepatwa na nini?"

"Wamefanyaje?"

"Hapa ni ngombe. Hapa tena ngombe. Kupe anamngata ndama. Na hapa niliandika, maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano msinywe ng'o! Sasa ni msinywe ngo. Ngo ndiyo nini?"

Regina aliinama kuangalia. Kweli, kila palipokuwa na ile alama ndogo, ambayo Bwana Pazi aliiita ritifaa na Regina aliiita koma ya juu, palikuwa peupe. Kwenye kurasa chache herufi zilikuwa zimeachana, ng huku na ombe kule, kama wanandoa walionuniana.

"Ni kosa dogo," alisema. "Njoo kesho."

Mzee alipoondoka, Regina aliingia kazini. Kompyuta ina amri ya kutafuta neno na kulibadilisha kitabu kizima kwa mara moja. Akaiambia: kila penye ngo, weka ng'o. Akabonyeza, akajipongeza kwa soda.

Kesho yake Bwana Pazi alisoma kwa sauti, kwa heshima yote, kama anayesoma risala.

"Ng'ombe akiwa na homa, mkamuaji asimame mlang'oni, apapase shing'o na mgong'o, kisha aitazame ng'ozi."

Upande wa pili wa ukuta spana ilianguka. Alois alikuwa anacheka mpaka ameshika gurudumu.

"Endelea, Bwana Mifugo!" alipaza sauti. "Mkamuaji huyo ana mafua!"

"Mwanangu," Bwana Pazi akamwambia Regina kwa upole, "ng'ombe mmoja alikuwa mgonjwa. Sasa umeambukiza zizi zima."

Regina alitaka kukasirika, ila kicheko kilimwahi. Alipomaliza kufuta machozi, alivuta kiti, akamwomba mzee akae na kitabu chake cha zamani, akafungua ile picha ya ukurasa kwenye kompyuta na kuikuza. Koma ilikuwepo, imekaa juu kati ya g na o. Kando yake palikuwa na doa la nzi, na doa lilikuwa kubwa kuliko koma.

"Nimeona," akasema. "Nilipoiambia iondoe madoa, imeiondoa na hii. Kwake yeye vyote ni uchafu tu. Halafu kamusi iliyomo humu ni ya Kiingereza, haijawahi kumwona ng'ombe. Ikikutana na neno isilolijua, inakisia."

"Kumbe haijui Kiswahili, na mlangoni umeandika inasoma?"

"Bwana Mifugo, tafadhali."

Akaskani upya. Safari hii hakuondoa madoa, akaongeza ukali wa picha ili kila alama ipate nafasi ya kuonekana. Madoa mengi yalirudi, koma nyingi pia zikarudi, ila kila moja kwa umbo lake: nyingine zimepinda kushoto, nyingine zimekuwa mbilimbili kama za kufungia usemi, nyingine zimeanguka chini na kuwa mkato. Regina akazigeuza zote ziwe za namna moja. Kwa zilizokuwa bado hazijaonekana, aliacha kutafuta herufi, akatafuta maneno. Bwana Pazi aliyataja yanayotokea puani, Regina akayabadilisha moja moja: ngombe, ngoa, nganga'nia iliyokuwa imepata koma mahali pasipo pake, ninginia, nyanganya, na jina la Mang'ula, ambako mzee aliwahi kufanya kazi.

"Ngata," Bwana Pazi akasema.

Regina akaweka vidole kwenye amri ya kubadilisha zote, kisha akasita. "Ngoja. Ukurasa wa kubeba maziwa unasemaje?"

Mzee akafunua. "Mbebaji aweke ngata safi kichwani, juu yake ndoo."

"Tungemwambia aweke ng'ata safi kichwani."

"Angeng'atwa na nani, maskini!"

Ngata ya kichwani ikaachwa, kupe akaruhusiwa kung'ata. Kila neno lenye sura mbili walilitazama kwenye ukurasa wa zamani kabla ya kuligusa. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko kuchapa, na Alois hakukosa kulisema hilo kila alipoleta chai.

Kitabu kikaenda kiwanda cha kuchapa vitabu, kikarudi kwenye maboksi. Regina akafungua boksi la kwanza. Jalada lilisema: UFUGAJI BORA WA NGOMBE. Alikuwa amebadilisha ngombe ya herufi ndogo peke yake. Ile ya herufi kubwa programu haikuihesabu kuwa neno lilelile.

Bwana Pazi alilitazama jalada. Kisha akatoa kalamu ya wino mweusi mfukoni, akamkopesha Regina nyingine, wakakaa sakafuni katikati ya maboksi. Alois akafunga karakana, akaja kusaidia.

"Maisha yangu yote nimewabandua ng'ombe kupe," mzee akasema akitia koma kwenye jalada. "Uzeeni nawabandika."

Vitabu viliisha Gairo siku moja ya mnada. Mfugaji mmoja alikataa nakala aliyopewa kwa kuwa koma yake ilikuwa imepinda, akachagua nyingine, iliyotiwa koma na vidole vya Regina.