Kuondoka Kwake na Yeye Akiondoka

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kusoma sentensi kwa sauti. Hata tangazo la maji kukatika alilisoma hivyo, akalisimamisha katikati, akalirudia taratibu kama mpishi anayeonja chumvi. Nyumbani tulishamzoea. Ofisini walimwita Mama Herufi, mwanzoni kwa utani, baadaye wateja nao wakadhani ndilo jina lake, na mmoja akaliandika juu ya bahasha bila wasiwasi.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya tafsiri, ghorofa moja juu ya duka la fotokopi, kwa hiyo mchana kutwa sakafu ilitetemeka kidogo. Chumba cha mbele alikaa bosi na simu zake. Cha nyuma tulikaa watatu: mfasiri, aliyevaa spika za masikioni toka asubuhi ili asisemeshwe, mimi, niliyepanga kurasa kwenye kompyuta, na shangazi, mhakiki wa Kiingereza. Kazi yoyote ya Kiingereza ilipita kwake mwisho kabisa na haikutoka bila saini yake kwenye karatasi ya uhakiki. Kanuni hiyo aliiweka bosi mwenyewe, zamani, alipokuwa bado anamwogopa.

Kabla ya hapo shangazi alifundisha Kiingereza sekondari mpaka sauti ikamwishia. Mumewe alifariki mapema, watoto hakujaliwa, akanichukua mimi, binti wa kaka yake, akanilea. Kwa hiyo nikisema alikuwa mbishi, sisemi kwa kusikia. Ukimpa chenji pungufu alikuachia, lakini ukimpa sentensi pungufu hamlali. Mimi nilimpenda na alinichosha, yote mawili, mara nyingi kwa saa moja.

Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Mwaka ule ulipokaribia kwisha, bosi hakutoa mpya. Alisema, kwa adabu zote, kwamba angependa kwanza kuona ripoti ya stoo itakwendaje. Shangazi alielewa, na mimi nilielewa zaidi yake, maana mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Ripoti ya stoo ilitoka shirika moja lililoibiwa mali. Uchunguzi ulifanyika kwa Kiswahili, lakini wakubwa wao wako mbali na wanasoma Kiingereza tu. Siku ya wizi mtunza stoo aliondoka kazini mapema, na karibu nusu ya ripoti ilikuwa juu ya hilo: nani alimruhusu kuondoka, nani alimwona, nani alikasirika. Basi tafsiri ikajaa "him leaving" kama chuya kwenye mchele. Na shirika lilituletea mwongozo wao wa uandishi, wenye mstari mmoja uliosema kwamba katika Kiingereza rasmi, kitenzi-jina chenye -ing kitanguliwe na neno la kumiliki: "his leaving", si "him leaving".

Bosi alifurahi kweli. Kijana mwepesi, Kiingereza chake kizuri, na hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba alipenda vitu viishe. Alisema kompyuta itabadilisha zote kwa mpigo mmoja. Shangazi akamwambia hapana, mwongozo umesema kitenzi-jina, na nyingine humo si vitenzi-jina.

"Mama, zote zinaishia na -ing," bosi akasema.

"Na wewe na baba yako mnaishia na jina moja. Ni mtu mmoja?"

Mfasiri alicheka, ndipo nikajua kumbe zile spika huwa hazina muziki. Bosi pia alicheka. Halafu akaenda chumba cha mbele akabonyeza, na ripoti ikarudi ikiwa na "his leaving" kila mahali.

Jioni ile nyumbani, tukimenya viazi, nilimuuliza shangazi shida ni nini hasa. Nilimuuliza kwa hasira. Yeye alifurahi kama mwalimu aliyepata darasa.

"Chukua hii: 'The director objected to him leaving early.' Mkurugenzi alipinga nini? Alimpinga yule mtu?"

"Hapana. Alipinga kuondoka kwake."

"Umesema vizuri. Kuondoka kwake. Kuondoka hapo ni kitu, na kitu kina mwenyewe. Ndiyo maana Kiingereza rasmi kinataka 'his leaving'. Bosi wako hapo hajakosea. Sasa chukua: 'The guard saw him leaving.' Mlinzi aliona nini?"

"Alimwona akiondoka."

"Alimwona nani?"

"Yeye."

"Huyo yeye ndiye 'him'. Ameonekana mtu, na hilo 'leaving' linatuambia tu alikuwa katika hali gani. Ukiandika 'The guard saw his leaving', umemfuta mtu getini, umebakiza kuondoka kunatembea peke yake."

Nilicheka bila kupenda. Akaongeza kwamba kwenye mazungumzo watu husema "him leaving" hata pale pa mkurugenzi, na yeye hana neno nao, mdomo ni mdomo. Lakini hawa wameomba Kiingereza rasmi, kwa maandishi, na wanaomba habari za mtu anayeshukiwa wizi. Ama tuwape walichoomba ama tusiwape.

Nikamwambia: shangazi, saini tu. Mwenzako ameshika mpini, wewe umeshika makali. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Kombe lenyewe ndiyo kazi yangu," alisema, akaendelea kumenya.

Asubuhi aliomba siku mbili apitie sentensi moja moja. Bosi akampa mpaka adhuhuri, mteja anasubiri. Shangazi akachapa kurasa zote, akakaa na kalamu. Kila "his" aliigeuza Kiswahili kwa kunong'ona: kuondoka kwake, inabaki, akiondoka, inarudi "him". Nyingi zilikwenda haraka. Halafu akagota kwenye ya mpishi: "The cook remembered his leaving." Kumbukumbu, alisema, inakubali zote mbili, mtu anaweza kukumbuka tukio, au kumkumbuka mtu akiwa anatoka. Ningekuwa mimi ningepita. Yeye alikwenda kumgusa mfasiri bega, wakafukua maneno ya asili ya mpishi, wakakuta amesema, "Namkumbuka akitoka, amevaa koti." Akarudisha "him", ameridhika. Saa ilikuwa imekwenda na yeye hajafika hata nusu. Nilitamani kumpokonya zile karatasi. Nilitamani pia kumpokonya bosi saa yake ya ukutani. Sikufanya lolote, nilipanga kurasa.

Adhuhuri bosi alikuja na karatasi ya uhakiki na kalamu yake mwenyewe.

Shangazi alimwambia kwamba anaweza kusaini kurasa alizozisoma. Bosi akajibu kwamba karatasi ni moja na ripoti ni moja. Akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna msomaji atakayekwama, kila mtu ataelewa mlinzi alimwona mtu, na kwamba mteja anasoma ripoti, hasomi sarufi. Kusema kweli alikuwa na hoja. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alikuwa na hoja na bado alikuwa amekosea.

"Mama, saini."

"Sijaisoma, mwanangu. Nitasainije kitu ambacho sijakisoma?"

Alimwita mwanangu bila dharau yoyote. Bosi alisubiri. Mimi nilimkodolea shangazi macho, nikimwomba kwa macho, na yeye aliniona vizuri sana akageukia dirishani. Basi bosi akainama, akasaini mwenyewe kwenye meza yake shangazi, akaondoka na ile ripoti ya kompyuta. Karatasi zenye masahihisho zilibaki hapo, na shangazi akaendelea kuzisahihisha mpaka saa ya kutoka. Nilimuuliza za nini tena. Akasema ametaka kujua zile za kurudishwa "him" zingekuwa ngapi.

Nitasema ukweli: siku zile niliomba ripoti irudi. Niliomba wale wakubwa wakasirike, wapige simu, waulize nani ameandika upuuzi huu, ili bosi aje chumba cha nyuma akiwa mdogo. Nilikwishapanga hata uso nitakaomkunjia. Siku zikapita, na jibu likaja.

Bosi alitusomea akiwa amesimama mlangoni. Shirika limeridhika. Linashukuru kwa kasi, na hasa kwa jinsi mwongozo wao ulivyofuatwa bila kukosa mahali popote. Alisoma bila kutuzomea, nadhani hata aliona aibu kidogo. Shangazi aliuliza swali moja tu, kama kuna aliyeuliza kuhusu mlinzi. Hakuna aliyeuliza.

Mwisho wa mwezi bosi alimwita chumba cha mbele. Alimmiminia chai kwa mkono wake, akamweleza kwamba ofisi inabadilika, inahitaji kasi, na kwamba mkataba hautaandikwa upya. Shangazi alirudi akaanza kutia vitabu vyake kwenye mfuko, vikubwa chini, vidogo juu. Nilimwambia nami naacha kazi leo hii. Akanijibu kwamba akisikia upuuzi huo tena hatanipikia.

Bosi alikuwa ameandika barua ya Kiingereza kwa wateja, kuwajulisha, na ilikuwa juu yangu kuiweka kwenye karatasi yenye nembo. Aliitaka iwe nzuri, aliniambia mara mbili. Nilipoipanga nikaichapa nakala moja, na miguu yangu ikanipeleka kwa shangazi kwa mazoea, kama barua zote za nyuma. Aliweka chini kitabu alichoshika, akaisoma kwa sauti.

"We regret her leaving."

Alisimama hapo. Akairudia.

"Kuna kosa?" nikamuuliza.

"Hakuna. Ni sahihi kabisa."

Alikuwa bado anaitazama. Bosi alishafika mlangoni, lakini shangazi alizungumza na mimi.

"Unajua, mwanamume ana maneno mawili, 'his' na 'him'. Mwanamke ana 'her' tu, linafanya kazi zote mbili. Ningekuwa mwanamume, angelazimika kuchagua. Aseme anasikitikia kuondoka kwangu, au ananisikitikia mimi nikiondoka."

Nilimgeukia bosi nikamuuliza yeye alimaanisha ipi. Niliuliza kwa ukali, sikuficha. Alitutazama kwa zamu, mimi na yeye, na niliona anajaribu kweli, anaigeuza kichwani.

"Kwani si ni kitu kimoja?" akasema.

Shangazi alinirudishia barua, akaokota kitabu chake.

"Ichape, mwanangu," akasema. "Haina kosa hata moja."